Pengo la Novemba 10: Oda bloku na FVG mbele ya chati tupu

Fungua kundi lolote la Telegramu la vijana wa foreksi, liwe la Dar es Salaam au la Nairobi, na hutapitisha picha tatu kabla ya kukutana na vibandiko viwili: OB na FVG. Chati imejazwa maboksi ya rangi, mshale umechomoka kwenye boksi moja kwenda juu, na chini yake kuna maelezo kwamba benki kubwa ziliacha oda zao pale, kwa hiyo bei imerudi kuzichukua. Picha ni nzuri. Tatizo lake ni kwamba karibu zote zimechorwa baada ya bei kwisha kwenda.

Mafundisho hayo huitwa smati mani, yaani fedha za wakubwa. Aliyeyaeneza kuliko mwingine yeyote ni Mmarekani Michael Huddleston, ambaye wanafunzi wake humwita kwa herufi tatu tu, ICT, kupitia video alizoziweka bure YouTube. Wazo la kwamba nyuma ya bei kuna mkono wa mkubwa mmoja ni la zamani zaidi yake. Richard Wyckoff, aliyefariki mwaka 1934, aliwaambia wanafunzi wake wa soko la hisa la New York waitazame chati kana kwamba mtu mmoja mwenye fedha nyingi ndiye anayenunua na kuuza. Kwa Wyckoff hiyo ilikuwa mbinu ya kumsaidia mtu kufikiri. Kwa vijana wa leo imegeuka kuwa habari ya kweli: kuna kompyuta mahali fulani, inajua stopu yako iko wapi, na inaifuata.

Hadithi hiyo tutaifikia. Kwanza tuzitazame zana zenyewe, maana zana inaweza kuwa nzuri hata kama maelezo yake ni ya uongo.

FVG ni pengo la mishumaa mitatu. Chukua mishumaa mitatu inayofuatana, wa kati ukiwa umepanda kwa nguvu. Ncha ya juu ya mshumaa wa kwanza isipofikiwa na ncha ya chini ya mshumaa wa tatu, katikati inabaki nafasi ambayo imepitiwa na mshumaa wa kati peke yake. Nafasi hiyo ndiyo pengo. Mafundisho yanasema kwamba pale bei ilipita upande mmoja tu, wauzaji hawakupata zamu yao, hivyo bei itarudi kulipunguza au kulijaza pengo kabla ya kuendelea na safari. Bei ikishuka, kanuni ni ileile kwa upande wa pili. Uzuri wa FVG ni kwamba haina ubishi. Kwenye TradingView unaiandika kwa mistari miwili:

```
pengoJuu = low > high[2]
pengoChini = high < low[2]
```

Watu elfu wakipewa data ileile watapata mapengo yaleyale. Hilo ni jambo kubwa katika fani iliyojaa maoni.

Oda bloku si hivyo. Maelezo ya kawaida ni kwamba ni mshumaa wa mwisho ulioshuka kabla ya bei kupanda kwa nguvu na kuvunja kilele cha nyuma. Sentensi inasikika iko wazi, lakini jaribu kumwandikia kompyuta. Boksi lichorwe kwenye mwili wa mshumaa au pamoja na mikia? Kama mishumaa mitatu ilishuka mfululizo, tuchukue wa mwisho au yote? Kupanda kwa nguvu ni pipsi ngapi? Kilele cha nyuma ni kipi, cha jana au cha wiki iliyopita? Tuingie ukingoni mwa boksi au katikati yake? Na boksi linakufa lini? Ukitoa majibu mawili tu kwa kila swali, maswali hayo sita yanazaa oda bloku 64 tofauti, zote zikibeba jina moja. Anayechora baada ya tukio ana uhuru wa kuchagua ile iliyofanya kazi, na wala hajui kwamba anachagua.

Sasa tuchukue siku moja halisi. Alhamisi, Novemba 10, 2022, saa kumi na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Marekani ilitoa taarifa ya mfumuko wa bei wa Oktoba. Wachumi walitarajia karibu asilimia 7.9 au 8, ikatoka 7.7. Soko likaelewa kwamba benki kuu ya Marekani haitapandisha riba kwa kasi ileile, na dola ikaporomoka. Yuro, iliyokuwa imeshuka mchana huo hadi karibu 0.9940, ikafunga siku juu ya 1.02. Ni zaidi ya pipsi 250 kutoka chini hadi kufunga, nyingi zikiwa zimepatikana ndani ya saa chache.

Tazama chati ya siku ya EURUSD. Mshumaa wa Novemba 9 ulishuka, na ncha yake ya juu ilikuwa karibu 1.0090. Mshumaa wa Novemba 10 ndio ule mkubwa. Mshumaa wa Novemba 11 uliendelea kupanda na haukushuka chini ya 1.0160 hivi. Basi FVG ya siku iko kati ya 1.0090 na 1.0160. Oda bloku nayo ni mshumaa wa Novemba 9, wa mwisho kushuka, kutoka karibu 0.9990 hadi 1.0090. Mwanafunzi wa smati mani anachora maboksi mawili yaliyogusana na kungoja.

Mwenzake anayesoma chati tupu, yaani sapoti, rezistansi na umbo la mshumaa, angechora nini? Angekuwa na mstari mmoja. Mwishoni mwa Oktoba yuro ilipanda ikagonga karibu 1.0095 na kurudi. Novemba 8 ikagonga palepale, ikarudi tena. Hiyo ni rezistansi ya kawaida kabisa, ya aina iliyoelezwa katika kitabu cha Edwards na Magee mwaka 1948, na yeyote aliyesoma chati kwa mwezi mmoja angeiona. Novemba 10 ikavunjwa, na kwa kanuni ya zamani rezistansi iliyovunjwa hugeuka kuwa sapoti. Kwa hiyo naye angengoja bei irudi karibu 1.0095.

Weka michoro miwili juu ya meza. Ukingo wa chini wa FVG uko 1.0090. Ukingo wa juu wa oda bloku uko 1.0090. Rezistansi ya zamani iko 1.0095. Wawili hawa wanazungumzia mahali pamoja, tofauti yao ikiwa pipsi tano, yaani spredi ya broka mbaya siku ya habari.

Wala si sadfa ya siku hiyo moja. Angalia kanuni zilivyojengwa: oda bloku haihesabiwi mpaka mwendo unaotoka kwayo uvunje kilele cha nyuma. Mara nyingi bei huwa imepumzika kidogo chini ya kilele hicho, ikashuka mshumaa mmoja au miwili, kisha ikalipuka. Kwa hiyo mshumaa wa mwisho kushuka utakuwa chini kidogo ya rezistansi, na pengo litaanzia hapohapo. Kanuni yenyewe inakuleta kwenye mstari ambao msomaji wa chati tupu alikuwa ameshauchora. Ndiyo maana OB nyingi “zinaheshimiwa”. Zinaheshimiwa kwa kiwango kilekile ambacho rezistansi iliyovunjwa huheshimiwa, na kiwango hicho si asilimia mia.

Kilichofuata baada ya Novemba 10 kinafundisha zaidi. Bei haikurudi. Yuro ilipanda hadi karibu 1.0480 Novemba 15, ikapumzika juu ya 1.02, na mwanzoni mwa Februari 2023 ikafika 1.10. Aliyeweka oda ya kununua ndani ya pengo hakupata kitu. Aliyengoja kwenye oda bloku hakupata kitu. Aliyengoja rezistansi ya zamani irudiwe naye hakupata kitu. Aliyepata ni yule aliyetumia kanuni ya kizamani kuliko zote: bei imevunja rezistansi na kufunga juu yake, nunua kwenye kufunga. Mwendo wenye nguvu kuliko yote ndio unaoelekea zaidi kumwacha nje anayengoja, na mwendo wa kinyonge, ule unaosita na kurudi, ndio unaomjazia oda kila mara. Sijakutana na kozi ya smati mani inayoeleza jambo hili kwa uwazi, ingawa linahusu kila oda inayowekwa nyuma ya bei.

Pengo lile lilikaa wazi zaidi ya miaka miwili. Kisha, Jumamosi ya Februari 1, 2025, Rais Trump akatangaza ushuru mpya dhidi ya Kanada, Meksiko na China. Soko lilipofunguliwa kwa Jumatatu ya Februari 3, yuro ikaanguka hadi karibu 1.0140, mabroka wengine walionyesha chini kidogo ya hapo. Bei ilikuwa imeingia ndani ya FVG ya Novemba 2022. Siku hiyohiyo ushuru wa Meksiko na Kanada ukaahirishwa kwa mwezi mmoja, yuro ikageuka na kufunga juu ya 1.03, na kufikia Julai ilikuwa imepita 1.18.

Mfuasi wa smati mani atakuonyesha picha hiyo kwa furaha, na ana haki ya kufurahi: pengo limeguswa, bei imegeuka. Lakini msomaji wa chati tupu naye ana picha yake. Katikati ya Januari 2025 yuro ilikuwa imegonga karibu 1.0180 na kupanda. Februari 3 ikavunja sapoti hiyo asubuhi, ikashindwa kukaa chini yake, na kufunga siku mbali juu yake, ikiacha mshumaa wenye mkia mrefu wa chini. Uvunjaji wa uongo wenye mkia mrefu ni alama inayofundishwa wiki ya kwanza ya darasa. Aliyeufuata alinunua juu zaidi kuliko mwenye pengo, lakini alinunua baada ya kuona bei imekataa kushuka. Mwenye pengo alinunua bei ikiwa bado inaanguka, katika asubuhi ambayo hakuna aliyejua kama ushuru ungeahirishwa.

Na kabla hatujampa pengo sifa zote, tukumbuke mengine. Yuro ilipanda kutoka chini ya 1.07 mwishoni mwa Juni 2024 hadi karibu 1.12 Agosti. Pengo lolote la kupanda lililoachwa njiani katika safari hiyo lilikatwa lote kufikia Novemba mwaka huohuo, bei ilipotelemka chini ya pale ilipoanzia. Picha za mapengo hayo hazisambazwi.

Turudi kwenye hadithi ya benki. Je, kuna oda zilizoachwa ndani ya boksi? Mtu mwenye yuro bilioni moja za kununua hanunui kwa mkupuo, akaacha nusu nyuma na kuomba bei imrudie. Oda kubwa hukatwakatwa na programu na kutekelezwa vipande vidogo kwa saa nyingi, kwa kufuata muda au kiasi kinachouzwa sokoni, ili bei isishtuke. Mshumaa mrefu wa dakika tano mara nyingi ni dalili ya kinyume chake: taarifa imetoka, wenye kazi ya kutangaza bei wameondoa bei zao kwa sekunde kadhaa kwa kuogopa kuumia, na oda chache zimepanda ngazi tupu. Pengo la Novemba 10 liliachwa na takwimu ya mfumuko wa bei. Ukitaka kuliita alama ya fedha za wakubwa, sawa, lakini wakubwa wenyewe waliisoma takwimu hiyo dakika ileile uliyoisoma wewe.

Isitoshe, foreksi haina soko moja lenye daftari moja la oda. Benki ya Malipo ya Kimataifa iliyoko Basel hukadiria biashara hii kila baada ya miaka mitatu, na Aprili 2022 ilifika dola trilioni 7.5 kwa siku, iliyotawanyika katika benki, majukwaa na mabroka wengi. Kiasi unachokiona chini ya chati ya MetaTrader ni idadi ya mara ambazo bei ya broka wako imebadilika; si fedha zilizopita mikononi. Hakuna anayeweza kuona oda ya benki kwenye chati hiyo, na anayesema anaiona anakisia kutokana na umbo la mshumaa, kama sisi wengine.

Hila za benki zipo, tena zimethibitishwa. Novemba 2014 mamlaka za Uingereza, Marekani na Uswisi ziliziadhibu benki tano kwa faini za zaidi ya dola bilioni 3, baada ya kugundulika kwamba madalali wao walikuwa wakiambiana oda za wateja katika vyumba vya gumzo na kuisukuma bei karibu na saa kumi jioni ya London, wakati bei rejea ya siku inapopangwa. Walioibiwa hapo walikuwa wateja wakubwa kama mifuko ya pensheni. Stopu ya mtu mwenye akaunti ya dola mia haikuwa na thamani kwao. Na ushahidi ulitoka katika ujumbe walioandikiana. Haukutoka katika maboksi ya chati.

Upande wa chati tupu nao unahitaji kuulizwa: sapoti na rezistansi zimewahi kupimwa? Zimepimwa, na kipimo ninachokiheshimu zaidi ni cha Carol Osler, alipokuwa katika Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York. Katika utafiti uliotoka mwaka 2000 alichukua viwango vya sapoti na rezistansi ambavyo kampuni sita zilikuwa zikiwatumia wateja wao kila siku kati ya 1996 na 1998, kwa jozi tatu za sarafu. Viwango vilitolewa kabla ya bei kufika, kwa hiyo hakukuwa na ujanja wa kuchora baadaye. Kisha akatengeneza seti 10,000 za viwango vya kubuni, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu karibu na bei, akauliza: bei inageuka mara nyingi zaidi kwenye viwango vya wataalamu kuliko kwenye vya kubuni? Jibu likawa ndiyo, ingawa tofauti haikuwa kubwa na ilibadilika kutoka kampuni hadi kampuni.

Baadaye, mwaka 2003, alipata data za oda halisi za benki moja kubwa na kuonyesha sababu mojawapo. Oda za kuchukua faida hurundikana kwenye namba za mviringo, zile zinazoishia na sifuri mbili, na oda za stopu hurundikana ng’ambo kidogo ya namba hizo. Bei ikifika kwenye namba ya mviringo hukutana na wanaochukua faida na kugeuka. Ikiivuka, hukuta stopu na kukimbia. Jambo lile ambalo kozi hueleza kama uwindaji wa stopu linatokea bila mwindaji, kwa sababu binadamu hupenda namba nzuri. Hapa smati mani imeona kitu cha kweli, ikampa mwenyewe asiyekuwepo.

Kilicho muhimu kuliko matokeo ya Osler ni zile seti 10,000. Ndizo zinazokosekana katika kila picha ya OB unayotumiwa. Swali si “je, bei iligeuka kwenye boksi?” Bei inageuka kila mahali. Swali ni kama inageuka hapo zaidi ya ingegeuka kwenye boksi lililochorwa na mtoto.

Msomaji anaweza kulifanya hili mwenyewe. Weka kanuni moja ya FVG na usiibadilishe: pengo la saa moja kwenye EURUSD, nunua bei ikigusa ukingo wa juu, stopu pipsi 10, lengo pipsi 20. Kama bei inakwenda kwa bahati nasibu tu, bila kujua pengo lako, hesabu inasema utafikia lengo mara moja katika kila tatu. Kati ya biashara 100 utashinda 33 hivi na kushindwa 67. Kila ushindi ni pipsi 20, jumla 660. Kila hasara ni 10, jumla 670. Umetoka sare. Sasa toa spredi ya pipsi moja kwa kila biashara na uko chini kwa pipsi 110 hivi. Ili upate senti ya kwanza unahitaji ushindi 37. Hicho ndicho kizingiti, na mtu anayekuambia “mapengo hujazwa asilimia 80 ya wakati” hajakigusa, kwa sababu kujazwa si faida: bei inaweza kulijaza pengo, ikalipita, na kuichukua stopu yako.

Ukifanya biashara 100 ukashinda 40, usifungue shampeni. Kwa bahati nasibu tupu, idadi ya ushindi katika mia inaweza kuangukia popote kati ya 24 na 43 bila mtu kushangaa. Ni kwenye biashara 1,000 ambapo bahati inabanwa kati ya 305 na 362 hivi, na hapo ushindi 370 unaanza kumaanisha kitu. Elfu moja si nyingi kwa FVG, maana kompyuta itakuhesabia kwa data ya miaka michache. Kisha rudia hesabu ileile kwa mistari miwili ya kulinganisha: mstari wa kubuni uliowekwa umbali uleule kutoka kwenye bei, na rezistansi ya karibu iliyovunjwa. FVG ikiushinda mstari wa kubuni lakini ikatoka sare na rezistansi, basi umejifunza kwamba pengo ni njia nyingine ya kuchora rezistansi. Ikiishinda rezistansi pia, una kitu mkononi. Oda bloku itakulazimisha kwanza ujibu yale maswali sita, na ujibu kabla ya kuona matokeo.

Mwenye imani atapinga kwamba smati mani si kanuni moja. Kuna saa za kuingia, kuna mwelekeo wa taimfremu kubwa, kuna ukwasi uliochukuliwa kwanza. Ni kweli, na kila kichujio kinaweza kuingizwa kwenye kipimo kilekile. Ninachokikataa ni namna mafundisho haya yanavyojikinga. Bei ikigeuka kwenye oda bloku, oda bloku imefanya kazi. Bei ikiikata, haijashindwa: imegeuka kuwa breka, na sasa tunaiuzia kutoka upande wa pili. FVG ikikatwa inaitwa pengo lililogeuzwa, nayo inatumika kinyume. Kwa mpangilio huo hakuna kinachoweza kutokea kwenye chati kikawa ushahidi dhidi ya mafundisho, na aliyepoteza fedha huambiwa kwamba ni yeye aliyesoma vibaya. Sapoti nayo ikivunjwa hugeuka rezistansi, hilo linajulikana. Lakini mwalimu wa chati tupu angalau huandika biashara ya kwanza kwenye safu ya hasara.

Kuna faida moja ya maboksi ambayo nisingependa kuinyima haki. Rezistansi ya mkono ni mstari mnene, na wanafunzi hubishana wauweke kwenye mkia au kwenye mwili. FVG inakupa bei mbili kamili, hivyo stopu inaweza kuwa fupi na kipimo cha hatari kikawa wazi kabla hujaingia. Lakini ufupi wa stopu una bei yake. Ukiwa na stopu ya pipsi 50, spredi ya pipsi moja ni sehemu moja ya hamsini ya hatari yako. Stopu ya pipsi 5, ile inayosifiwa kwenye chati za dakika moja, inaifanya spredi hiyohiyo kuwa moja ya tano, na kizingiti cha ushindi kwa lengo la mara mbili kinapanda hadi 40 katika mia. Wakati wa habari, spredi ikipanuka hadi pipsi tatu au nne, stopu hiyo huchukuliwa na broka hata kabla bei ya kati haijafika.

Hukumu yangu ni hii. FVG ni kanuni halali, rahisi kupima, na kwa sehemu kubwa inaashiria mahali ambapo chati tupu ilikuwa imekwisha kuashiria. Oda bloku ni jina jipya la chimbuko la mwendo, lenye milango mingi mno ya kutorokea mpaka mwenyewe ayafunge maswali yake. Hadithi ya benki haiongezi pipsi hata moja kwa yeyote kati yao.

Nchini Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji imekuwa na kanuni za foreksi ya mtandaoni tangu 2017, na mabroka wenye leseni wameorodheshwa. Wauza kozi hawamo. Barani Ulaya, mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilipochunguza mwaka 2018 ilikuta akaunti kati ya asilimia 74 na 89 za watu wa kawaida zikipoteza fedha katika mikataba ya aina hii. Kwa hiyo mtu akikuuzia kozi ya oda bloku, usimwombe picha za chati. Mwombe taarifa ya akaunti kutoka kwa broka, ya mwaka mzima, hasara zote zikiwemo, na kanuni yake iliyoandikwa kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuitekeleza bila kumpigia simu. Akikosa kimojawapo, bakiza ada yako.